Sekunde Mbili za Kimya katika Katuni ya Mfalme Fisi

Zamani, lakini si zamani kiasi cha wahusika kuwa wamekwisha kufa, palikuwa na nchi moja ambayo haikuwa na njaa. Nakuomba msomaji ulishike hilo kabla hatujafika mbali, maana nimeapishwa kulisema mwanzo. Kulikuwa na Upungufu wa Muda wa Shibe tu, uliokuwa umeingia mwaka wake wa kumi na moja, nao ulisimamiwa vizuri sana na idara maalumu yenye magari sita.

Kila mkulima alipeleka mahindi yake yote katika Ghala la Taifa, ili yasije yakaibwa nyumbani. Na kweli, tangu mpango huo uanze, hakuna raia hata mmoja aliyeibiwa mahindi nyumbani. Taarifa hiyo niliichapa mimi mwenyewe, Longino Mtitu, karani wa kumbukumbu katika Wizara ya Fikra Njema. Yote nitakayosimulia niliyaona nikiwa kazini, nimekaa wima.

Mwaka huo Mlezi Mkuu wa Taifa aligundua kwamba watoto wanatazama katuni za kigeni, ambamo wanyama hula keki. Akahuzunika. Akaagiza ifikapo Siku ya Ghala pawepo katuni yetu wenyewe, iliyotokana na hadithi ya asili, ya dakika kumi kamili. Dakika kumi hazikuchaguliwa ovyo. Wataalamu walikuwa wamempima Mlezi Mkuu mara tatu na kubaini kwamba huo ndio muda anaoweza kusikiliza sauti isiyo yake.

Kazi ikaangukia kwa Bi Skolastika Ndomba. Mwanamke huyu alikuwa ameandika michezo ya watoto ya redio kwa miaka mitano, na ndiye pekee katika wizara nzima aliyekuwa amesomea kuandika katuni. Wengine wote tulikuwa tumesomea kuzipitisha. Nilipewa meza mkabala na yake, nimchapie muswada, na kama nikisikia jambo la kupendeza, nimwandikie Kamishna wa Hadithi.

Akachagua hadithi ya kwao, ya Mfalme Fisi na ghala. Nami nitakueleza kwa ufupi. Wanyama wanapewa amri ya kumpelekea Mfalme Fisi chakula chao akitunze. Njaa inaingia, wanakwenda kuomba, wanakuta ghala tupu. Kware, ambaye vifaranga wake wanakufa, anaimba kuuliza: "Nani kala, nani kala?" Kila anayesikiliza hadithi hujibu: "Si mimi." Mwishowe kamba moja inatandazwa juu ya shimo refu na kila mnyama anapita. Aliyekula chakula cha wenzake ni mzito, kamba itamkatikia. Inamkatikia mfalme.

Kila mtoto wa nchi ile alikua akijibu "Si mimi" kabla hajajua kujifunga viatu. Mimi pia, na Kamishna pia, na mawaziri.

Siku moja nilimuuliza Bi Skola kwa nini hii, wakati zipo hadithi za sungura zisizo na ghala. Akaweka kalamu chini. Akaniambia kwamba mwaka wa kwanza wa Upungufu, gari la serikali lilipokwisha kubeba magunia yao, mama yake alikuwa hana cha kupika jioni, basi alikuwa akiwasimulia hadithi hiyo, kipande kila siku, ili waingoje kesho. Alikuwa na mdogo wake, Ditriki, wa miaka minne. Huyo ndiye aliyekuwa akijibu "Si mimi" kwa sauti kubwa kuliko wote. Alifariki kabla mama hajafika kwenye shimo.

"Hakusikia mwisho, Ndugu Longino," alisema. "Nataka mwisho wake uonekane mara moja, mbele ya watu. Baada ya hapo wanifanye watakavyo."

Nilisikitika mno. Halafu nikayaandika yote, tarehe juu, maana lilikuwa jambo la kupendeza.

*

Sasa nieleze alivyofanya kazi, kwa sababu wako wanaodhani katuni huandikwa kwa kucheka.

Kwanza alimrekodi mama yake akisimulia. Dakika arobaini na saba. Wanyama tisa wanapeleka chakula, mmoja mmoja, kila mmoja na salamu zake na wimbo wake. Nikamwambia hapo kazi imekwisha, tuwaambie waseme haraka haraka. Akacheka, mara yake ya mwisho kucheka ofisini kwa kadiri ninavyokumbuka.

Akaeleza kwamba msimulizi hurudia ili wasikilizaji wapate kushika, lakini jicho hushika mara moja. Wanyama tisa wakawa watatu: Kware, Kobe na Tembo. Akataka mmoja mdogo, mmoja wa duara, mmoja mkubwa, ili hata ukiwaona vivuli vyao tu ukutani umjue nani ni nani. Wimbo uliokuwa unarudi mara saba ukabaki mara tatu: mara ya kwanza watu waujue, mara ya pili wauzoee, mara ya tatu uwaume.

Kisha akagawa karatasi kumi, kila moja dakika moja. Kufikia mwisho wa karatasi ya kwanza tuwe tumemjua Kware na watoto wake na amri imekwisha kusomwa. Ya tatu, ghala limejaa na mlango umefungwa. Ya tano, katikati kabisa, mlango unafunguliwa na ndani hamna kitu. Hapo hadithi inageuka. Ya nane, kamba. Ya tisa, shimo. Ya kumi, pumzi. Kila tukio aliliandika kwenye kadi yake na kuibandika ukutani, na sheria yake ilikuwa kwamba kadi isiyomsukuma mtu kwenda kadi inayofuata inang'olewa. Aling'oa nyingi. Mfagiaji alilalamika.

Lakini ukatili wake hasa ulikuwa kwenye mazungumzo. Mwanzoni Kware alikuwa na hotuba nzuri ajabu: "Ee Mfalme, wanangu wamekonda, kibuyu changu kimebaki na punje moja, nami sina budi kuigawa." Niliichapa kwa machozi. Kesho yake naikuta imefutwa yote. Mahali pake pameandikwa: *Vifaranga watatu wameachama. Kware anakung'uta kibuyu. Inatoka punje moja. Anaiweka juu ya jiwe, anaipasua mara tatu.*

"Na maneno yako wapi?" niliuliza.

"Umeiona punje?"

Nikasema nimeiona.

"Basi maneno ya nini?"

Hivyo ndivyo alivyokata. Mnyama akisema analia huku tunamwona analia, neno limekufa. Akisema anakwenda huku anakwenda, limekufa. Mistari mia moja na kumi na miwili ya kusemwa ikawa ishirini na sita. Alisimama katikati ya ofisi na saa ya kupimia mbio, akawa anatembea kama kobe toka kabati hadi dirishani ili ajue kobe anakula sekunde ngapi. Alikula nyingi. Akamwanzisha Kobe tukio akiwa amekwisha fika.

Ufisi wa mfalme nao hakuusema popote. Aliuchora. Mwanzo taji ni kubwa, linamfunika masikio. Kila tukio linavyopita taji linazidi kuwa dogo, hadi linakaa utosini kama kifuniko cha chupa, na mtazamaji anajua taji halijabadilika. Na tumbo lake linaacha mfuo vumbini, kutoka mlango wa ghala hadi kitini. Hakuna mnyama anayeutaja mfuo ule. Wanauruka tu wakipita.

Na baada ya kila "Nani kala, nani kala?" aliandika mstari mmoja: *Kimya. Sekunde mbili.*

Nilimwuliza mbona anatupa sekunde, yeye aliyemnyima Kobe hatua tatu. Akasema hapo si pake, hapo ni pa watazamaji. Ukiwauliza watu swali wanalolijua jibu lake, lazima uwape nafasi ya kulijibu, la sivyo wanasongwa.

*

Kamati ya Taifa ya Kupitisha Hadithi ilikutana siku ya Jumanne. Mwenyekiti alikuwa Kamishna wa Hadithi, Mheshimiwa Dokta Evaristi Mpanduji, mtu aliyepata udaktari kwa kuandika utangulizi wa hotuba za Mlezi Mkuu. Alifungua kikao kwa maneno machache yaliyochukua saa moja na nusu, akatukumbusha kuwa mada ya siku hiyo ni ufupi.

Hapa inabidi nieleze utaratibu. Sheria ya nchi ile ilisema kamati itapitia *maneno yatakayosemwa*. Palikuwa na Fomu Namba Saba, na kila mstari wa kusemwa ulijazwa humo na kugongwa mhuri wake. Maelezo ya picha hayakuwa na fomu. Yalihesabiwa kuwa maelekezo ya mafundi, kama vile fundi bomba anavyoelekezwa choo kilipo. Mtu aliyewahi kuyasoma katika kamati hakuwahi kuwako.

Mjumbe mmoja aliuliza kama ni lazima mfalme awe fisi. Kamishna alimwomba kwa upole aeleze, ili iandikwe kwenye kumbukumbu, fisi mwenye ghala anamkumbusha nani. Mjumbe akasema hamkumbushi mtu yeyote. Kamishna akauliza kama kuna mwingine ambaye fisi huyo anamkumbusha mtu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Ikapitishwa kwa kauli moja kwamba fisi ni fisi, na mimi nikaandika hivyo.

Waliomba tu mfalme apewe hotuba ya dakika nne kuhusu faida za kuhifadhi chakula pamoja. Bi Skola aliitikia kwa adabu zote. Akawaonyesha karatasi zake kumi na kuwaomba wachague dakika nne za kuondoa. Wakaziangalia karatasi, wakaangaliana. Akapendekeza kwamba mfalme asiseme mengi kama watu wadogo. Aseme mistari mitatu, lakini mizito. Kamishna aliipenda sana hiyo. Mistari yenyewe ikawa "Chenu nakilinda kama changu," "Subirini kidogo," na "Nitapita mimi wa kwanza katika kila jema." Ikagongwa mihuri mitatu.

"Mama Skolastika," alisema Kamishna, "huyu Kware anauliza nani kala. Nani anamjibu?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Hamna mstari hapo."

Kamishna akapekua fomu, akaona kweli hamna. Akasema kama hakuna neno, basi kamati haina la kupitia. Fomu Namba Saba yenye mistari ishirini na tisa tu ilikuwa fupi kuliko zote katika historia ya wizara, na kamati ikajipongeza kwa kazi nzito iliyoifanya.

*

Siku ya Ghala ilianza kuadhimishwa saa nne asubuhi katika Ukumbi wa Shukrani. Watoto mia sita walikuwa wamepangwa mbele, kila mmoja na bendera ndogo. Nyuma yao mawaziri. Katikati, kwenye kiti chake, Mlezi Mkuu, ambaye alikuwa amemaliza kuhutubia kwa saa tatu kuhusu shibe. Kipaza sauti kilikuwa bado mbele yake na kilikuwa bado kinafanya kazi, kwa sababu hakuna fundi aliyekuwa na kibali cha kukizima.

Taa zikapunguzwa. Katuni ikaanza.

Nami nilikuwa nimechapa kila neno lake, lakini sikuwa nimeijua. Punje ilipopasuliwa mara tatu, bendera ndogo zilishuka mapajani. Taji lilipokuwa dogo, watoto walianza kugusana viwiko. Mlango wa ghala ulipofunguliwa na upepo ukapita mle ndani peke yake, mwalimu mmoja karibu nami alijifuta macho kwa bendera.

Kware akaimba: "Nani kala, nani kala?" Sekunde mbili. Watoto wachache wakajibu kwa kunong'ona, "Si mimi," wakaangalia nyuma kama watachapwa. Mara ya pili walijibu wote mia sita, na nikasikia sauti nene za mawaziri zimo. Haikuwa siasa. Ulimi tu, umefundishwa ungali laini.

Wanyama wakafika shimoni. Kware akapita, kamba haikutikisika. Kobe akapita, akigongagonga ndani ya gamba lake kama njugu iliyokauka. Tembo akaweka mguu, na watoto wakafumba macho, lakini Tembo alikuwa amebaki ngozi na mifupa, kamba ikamvumilia. Mfalme akasogea. "Nitapita mimi wa kwanza katika kila jema." Akaweka mguu. Uzi mmoja ukakatika. Wa pili. Kware akageuka akatutazama sisi, waziwazi, akauliza mara ya tatu: "Nani kala, nani kala?"

Sekunde mbili.

Sijui kwa nini mara hiyo watoto walichelewa. Labda waliogopa kwa ajili ya kamba. Katika kimya kile, kupitia kipaza sauti, kwa sauti iliyotoka kwenye spika zote kumi na mbili za ukumbi na zile nne za nje, Mlezi Mkuu wa Taifa alijibu:

"Si mimi."

Uzi wa tatu ukakatika. Mfalme akaingia shimoni. Taji likabaki ukingoni likizunguka, likizunguka, kisha nalo likafuata. Nilimwangalia Bi Skola. Alikuwa amesimama kando ya mlango, na midomo yake ilikuwa ikicheza kama ya mtu anayemsimulia mtoto aliye karibu sana naye.

Ndipo mtoto mmoja akacheka. Kisha mia sita.

*

Serikali ilipata shida ambayo haikuwahi kutokea. Katuni haikumtaja Mlezi Mkuu. Aliyemtaja Mlezi Mkuu ni Mlezi Mkuu. Kumshtaki mtu kwa kumfananisha na fisi kulihitaji shahidi wa kuapa kwamba wanafanana, na mwendesha mashtaka wa kwanza aliyeandika hivyo alihamishiwa kituo cha hali ya hewa kisichokuwa na barabara.

Kamishna akaniita. Alikuwa amekonda kwa siku mbili. Akasema mihuri yote ishirini na tisa ni ya kwake, na mistari yote ishirini na tisa ni safi, kwa hiyo kosa lazima liwe mahali ambapo hapana maneno. Je, mimi niliyekaa mkabala na Bi Skola najua lolote?

Ningeweza kusema sijui. Nalisema hili kwa sababu umri umekwenda na nimechoka. Kabati lilikuwa limefungwa, nakala za taarifa zangu zilikuwa ndani, na Kamishna hakujua kwamba zipo, maana taarifa nilizomwandikia hakuzisoma hata moja. Zilikuwa za picha mno. Lakini nilikuwa mtumishi mwema, na kiti cha mkuu wa kitengo kilikuwa wazi. Nikaandika kurasa saba. Nilieleza taji, mfuo wa vumbini, na zile sekunde mbili zilikuwa za nini. Niliandika kama alivyonifundisha, kinachoonekana tu, bila maneno ya ziada. Mwishoni nikaweka sababu yake, yaani habari za mdogo wake.

Walikuja kumchukua Bi Skola saa sita mchana, watu wanne waliokuwa na adabu. Alikuwa anang'oa kadi zake ukutani, moja moja, anazipanga. Mmoja akamsomea shtaka: kumwachia Mlezi Mkuu wa Taifa nafasi ya kusema bila kumwandalia la kusema. Akaomba arudie, si kwa dharau, nadhani alitaka kulisikia vizuri. Kisha akanigeukia.

"Umeandika na habari za Ditriki?"

Nikasema nimeandika.

"Jina lake umeliandika vizuri?"

Nikamwambia nimeliandika vizuri. Akaitikia kwa kichwa, akachukua mkoba wake, akatoka nao. Alipewa miaka kumi, mwaka mmoja kwa kila dakika, na hakimu alisifiwa magazetini kwa hesabu zake.

*

Katuni haikufutwa. Kuifuta kungekuwa kukiri. Ilirekebishwa, nami, mkuu mpya wa kitengo, nilisimamia. Sekunde mbili zote tatu zimejazwa makofi. Taji linabaki ukubwa uleule mwanzo hadi mwisho. Kamba ni nene, ya chuma, na mfalme anavuka salama akiwa amembeba Kware na vifaranga wake, watano sasa, wanono. Kwenye jina la mwandishi pameandikwa Longino Mtitu. Nilipewa nishani, na nilipotakiwa niandike katuni ya pili nilikaa mbele ya karatasi kumi kwa miezi mitano, nikaziandika zote hotuba.

Hii ya kwanza inaonyeshwa katika kila shule, mara moja kwa muhula. Juzi nilialikwa shule moja ya msingi kuizungumzia. Ilipokwisha, watoto wakapiga makofi kama walivyoelekezwa, mwalimu akauliza nani ana swali kwa mwandishi. Msichana mmoja, mwembamba, wa darasa la pili, akasimama. Alikuwa na nidhamu nzuri, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee. Kama mfalme hakula, chakula kilikwenda wapi?"

Nilimpongeza kwa udadisi. Nilimweleza kwamba katika sanaa si kila kitu husemwa, na kwamba akikua ataelewa. Akaniambia kwao mama yake anaisimulia tofauti, kuna shimo.

Mwalimu alikuwa ameshafungua daftari lake. Akamwuliza mama yake anaitwa nani na wanakaa nyumba ipi. Mtoto akajibu vizuri, kwa sauti, kama mtu anayejua somo lake. Kalamu ya mwalimu ilikuwa haitoi wino, akawa anaikwaruza pembeni ya karatasi. Watoto wote wakawa wanamtazama.

Nikampa yangu.